Yah: Ombi la kuongezewa muda wa kuwasilisha tasnifu hadi tarehe 31 Oktoba 2025

Dodoma, 2 Juni 2025

Shikamoo Profesa,

Naomba kuongezewa miezi mitatu ya kuwasilisha tasnifu yangu ya uzamili kuhusu matuta fungwa na mavuno ya mtama, kutoka tarehe 31 Julai hadi 31 Oktoba 2025. Fomu ya chuo nimeiambatisha. Sehemu ya mwanafunzi nimeijaza. Zimebaki maoni na sahihi yako kabla haijapelekwa kwa mratibu wa uzamili.

Sababu kubwa ni kupanda upya. Mtama wa Macia uliopandwa Chamwino tarehe 18 Desemba uliota vizuri, kisha mvua ikakatika na miche ikanyauka kabla mizizi haijashuka, hasa kwenye ploti za sesa. Kujaza mapengo peke yake kungetuachia mimea ya umri tofauti ndani ya ploti moja, na mavuno yake yasingelinganishika. Ndiyo maana, kwa ushauri wako, ploti zote 12 zilipandwa upya tarehe 22 Januari. Kwa kuwa Macia huchukua takriban siku 115 kukomaa, mavuno yaliyotarajiwa katikati ya Aprili yamefanyika tarehe 19 hadi 21 Mei. Wiki tano zimekwenda, na Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, kwa hiyo hakukuwa na njia ya kuzifidia.

Pili, oveni ya maabara iliharibika mwezi Machi, na sampuli za udongo zikasubiri. Takwimu za unyevu ni salama: kila sampuli ilipimwa uzito mbichi siku ileile ilipochimbwa, ikafungwa, na uzito mkavu umepatikana baadaye baada ya saa 24 kwenye nyuzi 105. Kilichochelewa ni naitrojeni. Sampuli 24 (ploti 12, kina cha sm 0–20 na 20–40) zimekaushwa kivulini na kuchekechwa kwa chekeche la mm 2, zinangoja zamu ya kipimo cha Kjeldahl.

Jambo la tatu linahitaji uamuzi wako. Kwelea kwelea walishambulia bloku ya nne iliyo pembezoni mwa shamba, na ploti mbili zimepoteza punje kiasi kwamba uzito wake hauna maana tena. Unyevu wa udongo na uzito wa mabua wa ploti hizo bado unafaa. Sipendekezi kukadiria mavuno yake kwa kuangalia ploti jirani, maana tutakuwa tunaweka namba zetu wenyewe mahali pa takwimu. Hasara ilitokana na mahali ploti zilipo, si na tiba, hivyo naona tuziache wazi na kutumia modeli mseto badala ya ANOVA ya kawaida inayotaka bloku kamili:

```
library(lme4)
m <- lmer(mavuno ~ tiba + (1 | bloku), data = mtama)
```

Ukikubali, nitaongeza aya moja katika sura ya tatu kueleza badiliko hilo.

Sura ya kwanza hadi ya tatu umekwisha kuzipitia. Sura ya nne ina sehemu ya unyevu tu. Ya tano haijaanza. Ratiba ninayopendekeza ni hii:

Hadi 14 Juni: kupura, kukausha punje na kupima uzito, mavuno yote yakirekebishwa kwenye unyevu wa asilimia 12.5.
16–30 Juni: naitrojeni maabara.
18 Julai: nakuletea majedwali na grafu, kabla ya kuandika maelezo yoyote.
15 Agosti: rasimu ya sura ya nne. Nimekuachia wiki mbili za kuisoma, hadi tarehe 29.
12 Septemba: sura ya tano.
26 Septemba: tasnifu nzima.
Oktoba: masahihisho yako ya mwisho, ukaguzi wa kunakili, kisha kuwasilisha tarehe 31.

Wiki tano za shambani peke yake zisingehitaji miezi mitatu. Muda uliozidi ni wa maabara na wa wewe kusoma. Nisingependa kukuletea sura mbili kwa mpigo mwishoni na kukuomba uzipitie kwa siku tatu. Sehemu dhaifu ya ratiba ni mwezi Juni. Majibu ya naitrojeni yasipotoka ifikapo tarehe 4 Julai, nitaanza uchambuzi na mavuno na unyevu, ambavyo ndivyo vinavyojibu swali kuu la utafiti. Na kama chuo kitatoa miezi miwili tu, naomba tuache naitrojeni ya sm 20–40: kazi ya maabara itapungua kwa nusu, na samadi iliwekwa tabaka la juu.

Ada ya muda wa nyongeza nimeiandaa. Naomba nije ofisini Jumatano tarehe 4 Juni, saa nne asubuhi, nikiwa na daftari la shamba na takwimu ghafi, ili tuamue kuhusu bloku ya nne. Kama siku hiyo una ratiba nyingine, nipangie wakati wowote wiki hii.

Wako mtiifu,
Neema
Mwanafunzi wa uzamili, sayansi ya udongo