Prieklampsia na kifafa cha mimba: marudio ya mwisho kwa wanafunzi wa ukunga

Tuanze na mgonjwa. Mama wa miaka 19, mimba ya kwanza, wiki ya 34. Anaingia wodini saa tano usiku, dada yake kamshika mkono. "Kichwa kinanigonga tangu jana, na macho yananimulikamulika." Presha 170/115, protini kwenye mkojo 3+. Ukisoma maneno yote yaliyo hapa chini, mweke huyu mama mbele ya macho yako.

Unaitambuaje

Presha ya 140/90 au zaidi, iliyopimwa mara mbili kwa kupishana saa 4, baada ya wiki ya 20, pamoja na protini kwenye mkojo: hiyo ni prieklampsia. Ikifika 160/110 ni kali, na hapo usisubiri saa 4. Unarudia kupima baada ya dakika chache huku maandalizi yanaendelea. Akidondoka kwa degedege, au akipoteza fahamu bila sababu nyingine, ni eklampsia, yaani kifafa cha mimba.

Wanafunzi wengi huandika "kuvimba miguu" kama dalili ya kwanza. Miguu huvimba kwa wajawazito wengi walio wazima. Kuvimba uso na vidole ghafla ndiko kunakostahili kukushtua.

Dalili za hatari za kuuliza kwa mdomo, moja moja, maana mama hatazitaja zote mwenyewe:
- kichwa kuuma kusikoisha hata kwa dawa
- kuona ukungu, vimulimuli au vitu viwili viwili
- maumivu ya chembe ya moyo au chini ya mbavu za kulia (hapa ini linalalamika, wengi hupewa dawa ya vidonda vya tumbo wakarudishwa nyumbani)
- kutapika, kukosa pumzi, mkojo kupungua
- mtoto kupunguza kucheza

Mpime akiwa ameketi, mkono ulingane na moyo, na mkanda uutoshe mkono wake. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma presha ya juu kuliko ilivyo.

Akianza degedege

Mama yetu anakakamaa kabla hujamaliza kuandika. Ita msaada, usimwache peke yake. Mgeuze ubavu wa kushoto, ondoa vitu vigumu, mzuie asianguke lakini usimfunge wala kumkandamiza. Kijiko mdomoni hapana, hata ndugu wakisisitiza. Degedege likipita, safisha njia ya hewa, mpe oksijeni, weka kanula na mpira wa mkojo.

Dawa ni magnesiamu salfeti. Vuta ml 8 za dawa ya 50%, ongeza ml 12 za maji ya sindano: una g 4 katika ml 20, yaani 20%. Choma taratibu kwenye mshipa kwa dakika 5 au zaidi. Kisha g 5 za 50% kila tako, ndani kabisa ya msuli, zikiwa zimechanganywa na ml 1 ya lignokeini ya 2% kwa sababu inauma sana. Degedege likirudi baada ya dakika 15, ongeza g 2 kwenye mshipa. Dozi za kuendeleza ni g 5 kila saa 4, tako kwa kupokezana, mpaka saa 24 zipite tangu kujifungua au degedege la mwisho, lolote lililokuja nyuma.

Kabla ya kila dozi hiyo simama hapo kitandani na hakikisha mambo matatu: pumzi 16 au zaidi kwa dakika, goti linaruka ukiligonga, na mkojo si chini ya ml 30 kwa saa kwa saa 4 zilizopita. Nyundo ikikosekana, ukingo wa kiganja unatosha. Goti huacha kuruka kabla pumzi haijasimama, ndiyo maana tunaligonga. Kimoja kikikosekana, usichome, mwite daktari. Pumzi zikisimama, msaidie kupumua kwa begi na mpe kalsiamu glukoneti g 1 (ml 10 za 10%) kwenye mshipa polepole. Ampuli hiyo ikae kando ya kitanda. Usiku stoo hufungwa.

Presha ishushwe pia: hidralazini mg 5 polepole kwenye mshipa, au nifedipini ya kumeza. Ya chini isipungue 90, mtoto anategemea damu hiyo. Dripu kwa kipimo, mapafu hujaa maji upesi.

Kuzaa na baada yake

Akishatulia, azalishwe ndani ya saa 12 tangu degedege lianze, hata kama mtoto hajatimiza miezi. Kuzuia kutokwa damu ni oksitosini yuniti 10. Ergometrini hapewi, hupandisha presha.

Kondo likitoka ugonjwa haujaisha. Degedege laweza kuja siku za mwanzo baada ya kuzaa, kwa mama aliyekwisha kuanza kufunga mizigo. Kabla hajaruhusiwa, mweleze dada yake zile dalili, kisha mwambie azirudie kwa maneno yake mwenyewe.