Gunia Lina Kilemba

(Taarab ya mipasho. Kinanda polepole. Mkulima wa Uporoto, Mbeya, yuko mbele ya dalali wa viazi. Wanakiitikio wanamtuza viazi badala ya noti.)

Umekuja Uporoto, na gunia mkononi,
Madebe sita yajaa, wasema bado ni duni,
Wachukua na kiroba, unakivisha kichwani,
Washona kwa kamba nene, kama kilemba cha nani?

KIITIKIO
Gunia lina kilemba, dalali, nani kaoa?
Mwili wake kilo mia, kichwa bure wachukua!

Mizani nimeileta, waikimbia kwa nini?
Eti betri imekwisha, na ni ya mawe, jamani!
Kilo mia thelathini, zalipwa mia, yakini,
Sheria yasema mia, isizidi guniani!

(Kinanda kinashuka.)
DALALI: Mama, hiyo ni ya kufidia. Viazi vinanywea njiani.
MKULIMA: Vinywee kilo thelathini kabla ya Mlima Nyoka? Baba, hata mgonjwa hakondi hivyo!

Vya juu vyapigwa jua, vinageuka kijani,
Vya chini vimechubuka, vinatoa maji ndani,
Kilemba kinafumuka, Kitonga pale konani,
Kuli naye kalibeba, kiuno kiko wodini!

(Kiitikio mara mbili, kwa kasi. Dalali anarudi kinyumenyume, anakanyaga mizani. Mkulima anasogeza jiwe, anasoma: kilo 82.)

WOTE: Hajajaa! Mshoneeni kilemba!

(Wanamvika kiroba. Taa zinazimwa.)