Tangazo la karani wa ghala, Busia: tafsiri na barua ya kuomba kazi

Mdogo wangu Ouma,

Picha ya ubao imefika. Kona moja imefunikwa na tangazo la nyumba ya kupanga, lakini nikiikuza, maneno yote ya maana yanasomeka. Kiingereza chake kisikutishe. Nimekitafsiri, na niliyo nayo ya kusema nimeyatia humo humo.

Anatafutwa karani 1 wa ghala la nafaka, Busia upande wa Uganda. Anayeomba lazima awe raia mwenye kitambulisho cha taifa, cheti cha UCE chenye ufaulu wa Hesabu na Kiingereza, uzoefu wa miaka 2 katika kazi inayofanana na hii, na barua ya mwenyekiti wa LC1 wa kijiji chake. Kisha wanasema: "Kujua kompyuta na Kilusamia kutamwongezea mwombaji nafasi." Hapo usome taratibu. Yaliyo juu ni ya lazima. Haya mawili ukiwa nayo ni heri, usipokuwa nayo hufukuzwi mlangoni. Kilusamia umenyonya nacho, kwa hiyo limebaki la kompyuta tu, na hilo usidanganye.

Najua miaka 2 ndiyo iliyokutia woga. Hawakuandika "kazi ya ofisini". Kwa mjomba ulihesabu magunia tangu 2022, ukaandika daftari la mkopo, na mtu akibisha unamfungulia ukurasa. Huo ni uzoefu, Ouma. Uandike.

Majukumu yake: kupokea mahindi na maharage yanayoletwa na wakulima, kupima uzito na unyevu kabla ya kushusha, kukataa mzigo wenye unyevu unaozidi asilimia 13.5, kuandika stakabadhi, kuhesabu magunia kila jioni, kuzungumza na madereva na wanunuzi wa pande zote mbili za mpaka, "na kazi nyingine atakazopewa". Maneno hayo ya mwisho yako karibu katika kila tangazo. Ukiitwa kwenye usaili, waulize kwa adabu ni kazi zipi.

Kwenye unyevu nataka ukae sana. Kwa mjomba mnang'ata punje. Ikilia kakaka mnasema imekauka. Hapa kuna mashine, na 13.5 ndicho kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi makavu. Mahindi yakiwekwa mabichi huota kuvu, na kuvu ndiyo huleta sumukuvu. Unakumbuka Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi yetu kwa sababu hiyo hiyo. Wakikuuliza kwa nini mzigo urudishwe, jibu lako ni hilo.

Mshahara ni shilingi 600,000 kwa mwezi kabla ya makato. NSSF inakukata asilimia 5, yaani 30,000, na mwajiri anaongeza asilimia 10 yake juu. Kodi nayo ipo, kwa hiyo usimwahidi mama laki sita kamili. Majaribio ni miezi 6.

Mwisho wa kupokea barua ni Ijumaa 13 Juni, "5:00 p.m.", maana yake saa 11 jioni. Barua iwe ya Kiingereza au Kiswahili. Atakayetuma mtu kumwombea ataondolewa, kwa hiyo mwambie mjomba asimpigie meneja simu, hata kwa nia njema. Na hakuna mahali palipoandikwa ada. Mtu akikudai hela ya fomu, ondoka.

Barua nimekuandikia hii. Inakili kwa mwandiko wako, ambatanisha nakala za vyeti, vyeti halisi vibaki nyumbani.

Busia, 11 Juni 2025

Kwa Meneja wa Ghala,

YAH: OMBI LA KAZI YA KARANI WA GHALA LA NAFAKA

Nimesoma tangazo lako kwenye ubao ulio karibu na soko, nami naomba kazi hiyo. Mimi ni raia wa Uganda, mkazi wa Busia, na nina cheti cha UCE chenye ufaulu wa Hesabu na Kiingereza.

Tangu 2022 nimefanya kazi katika duka la nafaka la familia. Napokea magunia, napima kwa mizani, naandika daftari la mauzo na mikopo, na kila jioni nahesabu mzigo uliobaki. Mashine ya kupimia unyevu sijaitumia bado, lakini naelewa kwa nini mahindi yaliyozidi asilimia 13.5 hayafai kuingia ghalani, na niko tayari kujifunza. Nazungumza Kiswahili, Kilusamia na Kiingereza. Kompyuta bado sijaisomea.

Nimeambatanisha nakala ya kitambulisho, cheti na barua ya mwenyekiti wa LC1. Namba yangu ya simu nimeiandika nyuma ya bahasha. Naweza kuja kwenye usaili siku yoyote utakayonipangia.

Wako mtiifu,
Ouma Stephen

Ukishaipeleka nipigie.
Dada yako, Nekesa