Zabuni ya madawati 400: bei, muda na dhamana

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Tathmini,

Tunawasilisha zabuni yetu ya kutengeneza madawati 400 ya mbao za mtiki na fremu za chuma, na kuyafikisha shuleni kwenu Morogoro. Bei ni shilingi 64,000,000, pamoja na Kodi ya Ongezeko la Thamani na usafiri (ukurasa wa 3), na kazi itakamilika ndani ya siku 45 tangu kusainiwa mkataba (ukurasa wa 7).

Tunaomba mtazame hasa ukurasa wa 9: kona za fremu, ambazo ndizo hulegea mapema, tumeziongezea kipande cha chuma, na tunazidhamini kwa miaka 3. Hati za kodi na leseni zimo kuanzia ukurasa wa 14.

Wenu katika kazi,
Meneja Mauzo
Karakana ya Samani, Msamvu