Koma Ndani ya Semi

Daftari la mama mdogo, lile la kurasa zilizonuka omena, lilisema 18,300. Kompyuta ilisema 13,100.

Saa nne usiku Akinyi alimtumia ujumbe: "Mama mdogo, una hakika na hesabu ya Jumamosi?" Jibu lilikuja upesi: "Pesa nilizihesabu kwa mkono wangu, hapa hapa Kibuye. Chunguza hiyo mashine yako."

Basi akaichunguza. Alisoma upya faili la mauzo, mstari kwa mstari. Akatafuta 5,200, ile tofauti, asiione popote. Saa sita akaandika upya sehemu yote ya kujumlisha, ikatoa 13,100 ile ile. Saa nane tokeni ya stima ikaisha. Akaendelea kwa betri, mbu wa Nyalenda wakimwimbia masikioni. Kama programu ingekataa kabisa kufanya kazi, ingekuwa afadhali. Hii ilikuwa inafanya kazi vizuri, ikidanganya bila haya. Na saa mbili asubuhi mhadhiri angetaka kuiona.

Saa kumi, macho yakiwa mazito, akaamua kuuliza swali la kitoto: orodha ina samaki wangapi?

```python
print(len(samaki))
```

4.

Akahesabu kwa vidole. Omena, mbuta, ngege, kamongo, fulu. Watano. Akahesabu tena, kisha akainamia skrini hadi pua ikakaribia kuigusa.

```python
samaki = ["omena", "mbuta", "ngege," "kamongo", "fulu"]
```

Koma ilikuwa imemezwa. Alama ya kufunga semi, badala ya kukaa kabla ya koma, ilikaa baada yake. Python ikikuta maneno mawili yaliyofungwa kwa semi, yasiyo na koma kati yao, huyaunganisha kimya kimya. Kwa hiyo kulikuwa na samaki mmoja aitwaye "ngege,kamongo", ambaye hajawahi kuvuliwa ziwani, na mauzo yake, kwa mujibu wa `mauzo.get(s, 0)`, yalikuwa sufuri. Ngege 3,600. Kamongo 1,600.

"Aaah!"

Nafula, anayesomea ualimu wa Kiswahili, aliinua kichwa kutoka kitanda cha pili. "Nani amekufa?"

"Njoo uone hii koma."

Nafula akaja amejifunga leso, akakodoa macho kwenye skrini. "Sioni kosa. Koma hutangulia, ndipo unafunga semi. Si tulifundishwa hivyo darasa la tano?"

Akinyi akamtazama. Vidole vyake vilikuwa vimeandika insha.

Akaihamisha alama hatua moja kushoto, akaendesha programu. 18,300. Betri ilikuwa asilimia 6.

"Mwalimu wangu angekupa tiki," Nafula akasema, akirudi kulala. "Sasa funika hicho kitu, kinamulika."