Onyo la Maandishi: Kuchelewa Kazini Mara kwa Mara

Ofisi ya Msimamizi wa Ghala
Ghala la Mizigo ya Njiani, Malaba
Wilaya ya Tororo, Uganda

Kumb. Na.: GM/UT/14/2025
Jumatano, 15 Oktoba 2025

SIRI: AKABIDHIWE MKONONI

Bw. Juma Wandera,
Karani wa Ghala, Zamu ya Asubuhi

Ndugu Wandera,

KUH: ONYO LA KWANZA LA MAANDISHI KWA KUCHELEWA KAZINI

Barua hii inafuata kikao cha Jumatatu, 13 Oktoba 2025, ambacho ulihudhuria pamoja na mwakilishi wa wafanyakazi uliyemchagua mwenyewe. Baada ya kukusikiliza na kupitia kumbukumbu za mashine ya alama za vidole, uamuzi wa ofisi ni kukupa onyo la kwanza la maandishi.

Zamu yako inaanza saa 1:00 asubuhi. Tangu katikati ya Septemba umeingia kwa kuchelewa siku hizi: Jumanne 16 Septemba, saa 1:22, Jumatatu 22 Septemba, saa 1:18, Ijumaa 26 Septemba, saa 1:41, Jumanne 30 Septemba, saa 1:15, Jumanne 7 Oktoba, saa 1:52, na Ijumaa 10 Oktoba, saa 1:26. Ni mara 6, jumla dakika 174, na hakuna hata siku moja kati ya hizo uliyopiga simu kabla ya zamu kuanza. Jumatano 1 Oktoba hatukuihesabu. Siku hiyo ulipiga simu saa 12:20 ukaeleza kwamba lori limeanguka na kuziba njia, karani wa usiku akajipanga mapema, na kazi haikusimama.

Tulishazungumza juu ya jambo hili. Alhamisi, 28 Agosti 2025, nilikupa onyo la mdomo baada ya kuchelewa mara 4 mwezi huo, ukaahidi kurekebisha. Wiki mbili za mwanzo ulifika kwa wakati kila siku, nami niliona. Baada ya hapo hali ikarudi ilivyokuwa.

Nataka nieleze kwa nini dakika 20 za karani si sawa na dakika 20 za mtu mwingine hapa ghalani. Karani wa usiku haruhusiwi kuondoka mpaka akukabidhi funguo, daftari la sili na hesabu ya mizigo iliyolala. Ikifika saa 1:00 anafunga daftari lake la kutolea mizigo, na kuanzia hapo gari halitoki bila sahihi ya karani wa asubuhi. Kwa hiyo usipokuwepo, mlango wa kupakilia unabaki umefungwa hata kama watu wote wengine wamefika.

Jumanne ya tarehe 7 Oktoba ilionyesha hilo wazi. Magari 3 yalikuwa yamepanga foleni getini kabla ya saa 1:00, mawili ya mafuta ya kula na moja la sukari. Wapakiaji 8 walikaa kwenye mapaleti wakisubiri. Daftari la sili lilikuwa ndani ya droo, na karani wa usiku, aliyekesha tangu saa 5 usiku, alibaki amekaa na funguo mfukoni kwa dakika 52. Dakika hizo tumemlipa kama saa za ziada. Dereva wa gari la mwisho alifika mpakani wakati foleni imeshakuwa ndefu, na mteja wake akatupigia simu kulalamika. Tena karani aliyechoka ndiye anayekosea kuandika namba ya sili, na namba moja ikikosewa, gari linarudishwa kutoka kwenye ukaguzi wa forodha.

Katika kikao ulieleza kwamba tangu muhula wa tatu uanze unampeleka mtoto shuleni Tororo kabla ya kuja kazini, na kwamba asubuhi bodaboda ni za kugombania, hasa mvua ikinyesha. Maelezo hayo nimeyapokea kwa heshima. Mtoto lazima afike shule, na hakuna anayekulaumu kwa kumtunza. Lakini hukuleta tatizo hili ofisini kabla halijazidi, na wenzako ndio waliobeba mzigo wake. Nimezingatia pia kwamba kazi yako ukishafika ni nzuri: hesabu zako za mwezi zinalingana, na madereva wanakuheshimu kwa kuwahudumia bila maneno mengi. Sitaki tukupoteze kwa sababu ya saa.

Kuanzia kesho, Alhamisi 16 Oktoba, hadi Jumatano 26 Novemba 2025, yaani wiki 6, unatakiwa kuweka kidole kwenye mashine si zaidi ya saa 12:50 asubuhi, ili makabidhiano yaishe na daftari liwe wazi saa 1:00 kamili. Ukipata dharura ya kweli, piga simu ya zamu kabla ya saa 12:30, uzungumze na karani wa usiku mwenyewe. Ujumbe ulioachwa kwa mlinzi wa geti au kwa mpakiaji hautahesabiwa kuwa taarifa. Dharura moja iliyotolewa taarifa hivyo haitakuharibia kipindi hiki. Ikiwa ya pili, ije na maelezo ya maandishi siku hiyohiyo.

Kuhusu shule ya mtoto, ipo nafasi ya kuhamia zamu ya saa 9:00 alasiri hadi saa 5:00 usiku mpaka mwisho wa muhula. Mshahara haubadiliki. Ukiitaka, niandikie kabla ya Ijumaa, 24 Oktoba. Ukihamia, kipimo ni kilekile: dakika 10 kabla ya zamu, na simu nusu saa kabla kama kuna dharura. Usipoandika, nitachukulia kwamba umepanga njia nyingine na unabaki asubuhi.

Ijumaa, 7 Novemba tutakaa dakika 15 kuangalia mwendo. Kikao rasmi cha tathmini kitakuwa Ijumaa, 28 Novemba 2025, saa 4:00 asubuhi, ofisini kwangu. Nitakuja na kumbukumbu za mashine, nawe unaweza kuja na mwakilishi wako. Ukiwa umetimiza kipimo, nitakuandikia hivyo, na onyo hili litabaki kwenye faili hadi 15 Aprili 2026, kisha halitatumika tena dhidi yako.

Ukichelewa bila taarifa mara 2 au zaidi ndani ya wiki hizi 6, nitaitisha kikao cha nidhamu bila kusubiri tarehe 28, na kinaweza kuishia kwenye onyo la mwisho. Kuchelewa kukiendelea hata baada ya hapo, ajira yako inaweza kusitishwa. Hatua hiyo haitachukuliwa kabla hujaelezwa sababu kwa lugha unayoielewa na kusikilizwa ukiwa na mtu uliyemchagua, kama Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inavyotaka.

Kama huridhiki na uamuzi huu, andika rufaa kwa Meneja wa Tawi kabla ya saa 11:00 jioni, Ijumaa 24 Oktoba 2025. Rufaa haitakuletea ubaya wowote kazini, ila kipimo cha muda kinaendelea wakati inashughulikiwa.

Wako,

Amina Nekesa
Msimamizi wa Ghala

Nakala: Meneja wa Tawi; Faili la mfanyakazi

UTHIBITISHO WA KUPOKEA

Nimepokea barua hii na nimesomewa kwa Kiswahili leo, 15 Oktoba 2025, saa 8:10 mchana. Sahihi yangu inaonyesha kwamba nimeipokea na kuielewa. Haimaanishi kwamba nimekubali kila kilichoandikwa.

Imetiwa sahihi: Juma Wandera
Shahidi: Mwakilishi wa Wafanyakazi, Zamu ya Asubuhi