Barua pepe ya Neema ya kuomba nyongeza ya mshahara, imeandikwa upya

Mdogo wangu Neema,

Barua pepe yako nimeipata, na nashukuru kwamba hujaituma.

Hasira yako naielewa, na katika unayoyadai sioni hata moja usilostahili. Ila umeandika kana kwamba msomaji ni Bwana Salum peke yake, na Bwana Salum hana uwezo wa kukuongezea hata shilingi. Nimekaa upande ule wa meza miaka mingi, kwa hiyo njia itakayopita naijua: ataisoma, ataguna, kisha ataipeleka kwa mkurugenzi wa fedha. Huyo hakujui. Hajawahi kukuona ukihangaika na ankara mwisho wa mwezi, na wala hatakuita umweleze. Atakachokuwa nacho mezani ni maneno yako tu. Nimeiandika upya nikimfikiria yeye.

Ya kwako naiweka kwanza, uisome tena ukiwa umetulia.

---

Kichwa: MSHAHARA!!

Bosi,

Naandika nikiwa na masikitiko makubwa. Mwaka wa nne huu nafanya kazi kama punda katika idara hii na sijaona shukrani yoyote. Tangu Yohana aondoke, kazi zake zote nimeachiwa mimi na hakuna aliyeniuliza kama naweza. Nabaki ofisini hadi usiku, wikiendi nafungua kompyuta nyumbani, na mshahara ni uleule. Halafu nasikia kuna watu walioajiriwa juzi tu wanalipwa kuliko mimi, tena mimi ndiye niliyewafundisha kazi!

Maisha yamepanda. Kodi ya nyumba imepanda, ada za watoto zimepanda, nauli imepanda. Hata wewe unajua kwamba bila mimi hesabu za mwezi hazifungwi na madeni hayakusanywi. Siku nikiondoka ndipo mtakapojua umuhimu wangu.

Naomba mshahara ufike angalau 2,500,000 kuanzia mwezi huu. Samahani kama nimekukwaza, lakini nimevumilia vya kutosha.

Neema

---

Na hii ndiyo niliyoiandika. Takwimu nimezitoa kwenye maelezo uliyonipa kwa simu na zile ripoti ulizonitumia.

---

Kichwa: Ombi la kupitia upya mshahara wangu kabla ya bajeti ya Julai

Bwana Salum, habari za kazi.

Naomba mshahara wangu upitiwe upya katika bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai, utoke shilingi 1,450,000 za sasa ufikie 1,740,000 kwa mwezi kabla ya makato. Naeleza hapa chini sababu za ombi hili na jinsi nilivyokifikia kiwango hicho.

Nilipoajiriwa, miaka mitatu na miezi minne iliyopita, kazi yangu ilikuwa kuingiza ankara za wauzaji na kulinganisha taarifa za benki na vitabu vyetu. Oktoba mwaka jana, mwenzetu aliyesimamia madai ya wateja alipoondoka, ulinikabidhi kazi hiyo nayo. Nafasi yake haijajazwa, na kwa miezi saba sasa nafanya kazi zote mbili.

Siku nakabidhiwa, madai ya wateja yaliyopitisha siku 90 bila kulipwa yalikuwa shilingi milioni 86. Mwisho wa Aprili yalikuwa milioni 31. Katika milioni 55 zilizopungua, milioni 4 zilifutwa kwa idhini yako baada ya mteja mmoja kufunga biashara. Milioni 51 zilizobaki ziliingia benki. Nilianza kuwapigia wateja wiki moja kabla ya tarehe ya malipo badala ya kusubiri ipite, na wateja watano wenye madeni makubwa nilikubaliana nao kwa maandishi walipe kwa awamu. Wanne kati yao hawajakosa awamu hata moja.

Kufunga hesabu za mwezi kulikuwa kunachukua siku 12 za kazi. Tangu Januari tunafunga kwa siku 6. Mafanikio haya si yangu peke yangu, kwa sababu idara ya mauzo ilikubali kuleta ankara zake kila Ijumaa badala ya kuzilimbikiza hadi mwisho wa mwezi. Ratiba hiyo niliipendekeza na kuiandaa mimi, pamoja na jedwali la kulinganisha benki tunalolitumia sote sasa. Wahasibu wasaidizi wawili walioajiriwa Novemba pia niliwafundisha mimi, na tangu Februari wanaingiza ankara bila kusimamiwa.

Kuhusu kiwango: nimetazama matangazo saba ya kazi ya mwaka huu yaliyotaja mshahara, kwa nafasi ya mhasibu anayesimamia madai na kufunga hesabu za mwezi, mwenye uzoefu wa miaka mitatu hadi mitano. Yote yalikuwa kati ya 1,650,000 na 1,900,000. Katikati ya viwango hivyo ni 1,775,000. Nimeomba chini kidogo ya hapo kwa sababu upande wa wadaiwa sugu, hasa wale wanaohitaji kupelekwa kwa mwanasheria, bado najifunza. Natambua kwamba nyongeza ya asilimia 20 si ndogo. Nyongeza yangu ya mwisho ilikuwa asilimia 5, Julai mwaka juzi, kabla majukumu haya hayajaongezeka. Gharama kwa kampuni itakuwa shilingi 290,000 kwa mwezi, yaani 3,480,000 kwa mwaka, mbali na michango ya mwajiri inayoambatana na mshahara.

Iwapo bajeti haitaruhusu kiwango hicho kwa mkupuo, niko tayari kipangwe kwa awamu mbili: 1,600,000 kuanzia Julai na 1,740,000 kuanzia Januari, makubaliano hayo yakiwekwa kwa maandishi. Vilevile naomba maelezo ya kazi yangu yarekebishwe yalingane na ninachokifanya sasa.

Naomba tuzungumze kwa nusu saa wiki ijayo, Jumanne au Jumatano alasiri, siku utakayoona inafaa. Nimeambatisha ripoti ya madai kwa umri wake ya Oktoba na ya Aprili, pamoja na tarehe tulizofunga hesabu kila mwezi kwa miezi 12 iliyopita.

Nakushukuru kwa kuniamini na kazi ya madai, na kwa muda wako wa kusoma ombi hili.

Neema
Mhasibu, Idara ya Fedha

---

Najua utauliza ada za watoto zimekwenda wapi. Nimeziondoa, pamoja na kodi na nauli. Ni kweli tupu, lakini mkurugenzi naye ana ada zake, na kila mtu katika jengo hilo ana zake. Ukiingia kwa mlango huo unakuwa mmoja wa wengi. Ukiingia na milioni 51 zilizofika benki, uko peke yako.

Lile la walioajiriwa juzi kulipwa zaidi nimelifuta bila huruma. Umelisikia kwa nani? Hilo ndilo swali la kwanza watakalokuuliza, na kuanzia hapo kikao kitakuwa cha kumtafuta aliyevujisha siri za mishahara, si cha mshahara wako. Matangazo ya kazi yanafanya kazi ileile na hayamchomi mtu.

“Siku nikiondoka” ni maneno ya mwenye barua ya ajira nyingine mkononi, tena hata huyo angeyasema kwa upole. Wewe huna, na Bwana Salum anajua huna.

Usiku wa kubaki ofisini nao umepotea, na hapo najua utanung'unika. Fikiria jibu lake: “Basi usibaki.” Au baya zaidi, mtu asiyekujua anaweza kudhani unabaki kwa sababu unafanya polepole. Siku 12 kuwa 6 zinasema zaidi ya usiku wote huo.

Ile 2,500,000 uliitoa wapi, mhasibu wewe? Ni nyongeza ya asilimia 72. Ukiulizwa imetokana na nini ungejibu nini? Hii ya 1,740,000 ukiulizwa unafungua matangazo yako saba na mazungumzo yanaendelea.

Huenda ukatamani kuondoa zile milioni 4 zilizofutwa na kuandika tu kwamba umepunguza milioni 55. Usithubutu. Mkurugenzi wa fedha ana ripoti yake, na akizikuta mwenyewe hata takwimu zilizo sahihi atazitilia shaka. Ukizitaja wewe, atakuamini kwa zilizobaki. Ndiyo maana idara ya mauzo nayo nimeipa haki yake.

Kuhusu awamu mbili, wapo watakaokubishia kwamba umejishusha kabla hujaulizwa, na kwa bosi mwingine ningekushauri uifiche hadi mkikaa mezani. Lakini kwa ulivyonisimulia, Bwana Salum ni mtu wa kusema “haiwezekani” na kufunga faili. Mtu wa namna hiyo apewe mlango wa pili mapema. Ila jua unachokitoa: miezi sita kwa pungufu la 140,000 ni shilingi 840,000. Kama huwezi kuziachia, futa aya hiyo yote. Na kama ukiibakisha, neno “maandishi” lisitoke, maana ahadi ya Januari isiyoandikwa husahaulika Desemba.

Samahani ya mwisho nimeitoa. Hujamkosea mtu. Alama za mshangao pia.

Lugha igeuze ikae kinywani mwako. Pale nilipoandika kwa urasmi mno, legeza. Usiitume leo wala kesho, maana bado mnafunga hesabu za mwezi na atakayeisoma atakuwa na kichwa kilichojaa. Subiri siku ya sita ipite, umkabidhi taarifa ya mwezi kwanza, kisha itume asubuhi inayofuata. Asipojibu kwa wiki nzima, mkumbushe kwa mdomo, tena mkiwa wawili tu, usimwandikie nyingine.

Kabla ya hapo hakiki ile milioni 31 kwenye ripoti ya Aprili iliyofungwa, si kwenye rasimu uliyonitumia, kwa sababu niliona malipo mawili ya tarehe 30 ambayo yalikuwa hayajapitishwa benki. Ikitoka 33, andika 33, 55 iwe 53, na 51 nayo iwe 49.

Dada yako